Maneno ambayo ukurasa wako tayari unaonekana kwayo: namna ya kuyasoma katika Search Console na kuyaweka kwenye maelezo

Mwenye kitalu cha miche ya parachichi Tukuyu akifungua ripoti ya Google Search Console kwa mara ya kwanza, jicho lake huenda moja kwa moja kwenye mibofyo. Anaona watu wachache waliofika, anafunga. Lakini safu iliyo jirani, ya mionekano, ndiyo yenye habari. Inamwambia watu walitafuta nini, Google ikawaonyesha ukurasa wake, nao wakaupita. Hao ni watu ambao tayari walikuwa wamefika mlangoni.

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kuchukua ukurasa mmoja, kusoma maneno ambayo tayari unaonekana kwayo, kuchagua machache yanayostahili, na kuyaandika upya ndani ya maelezo ya ukurasa, yaani ile mistari miwili mitatu inayotokea chini ya kichwa kwenye matokeo ya utafutaji. Nitatumia ukurasa wa miche ya parachichi aina ya Hass kutoka Rungwe, kwa sababu biashara hiyo huku kwetu Nyanda za Juu Kusini inajulikana na maswali ya wanunuzi wake yanajulikana pia. Takwimu nitakazoweka ni za mfano, nimezipanga ili hesabu ionekane.

Jambo moja lieleweke kabla ya kugusa chochote. Maelezo ya ukurasa hayakupandishi nafasi. Google imekuwa ikisema hivyo kwa miaka mingi: haiyatumii kupanga nani awe wa kwanza na nani wa kumi. Yanachofanya ni kumshawishi mtu ambaye tayari anakuona. Kwa hiyo ukichukua neno ambalo ukurasa wako uko nafasi ya 40 ukalijaza kwenye maelezo, hujafanya kitu, maana hakuna anayefika nafasi ya 40 kuyasoma.

Hatua ya 1: Fungua ripoti kwa ukurasa mmoja, si kwa tovuti nzima

Ingia Search Console, upande wa kushoto bofya `Performance`, kisha `Search results`. Juu ya grafu kuna visanduku vinne. Viwili vya kwanza, `Total clicks` na `Total impressions`, huwa vimeshawashwa. Washa na viwili vilivyobaki, `Average CTR` na `Average position`. Bila hivyo viwili jedwali la chini halitakuonyesha nafasi wala kiwango cha kubofya, nawe utakuwa unasoma nusu ya ripoti.

Sasa shuka kwenye jedwali, fungua kichupo cha `PAGES`, bofya anwani ya ukurasa unaoufanyia kazi. Ripoti nzima itachujwa kwa ukurasa huo. Rudi kwenye `QUERIES`. Unachokiona sasa ni maneno yaliyouleta ukurasa huo peke yake.

Ongeza kichujio kimoja zaidi: nchi. Kwenye kichupo cha `COUNTRIES` bofya Tanzania. Wengi huruka hapa, na hapa ndipo hesabu huharibika. Kiswahili kinatafutwa Kenya pia, na mtu wa Nakuru anayeandika "miche ya parachichi" anaweza kuuona ukurasa wako mara nyingi tu, lakini hatakodi gari kuja Tukuyu. Mionekano yake inakuvutia kufikiri una soko ambalo huna, na nafasi yako ya huko, ambayo mara nyingi ni ya chini, inavuruga wastani.

Muda uache kwenye miezi mitatu ambayo ripoti hufungukia. Ukichukua siku saba kwenye tovuti ndogo, maneno yatakuwa machache mno kiasi cha kutoona lolote. Ukichukua miezi yote 16 ambayo Search Console huhifadhi, utachanganya msimu wa kupanda na wa kiangazi, na pengine ukurasa wako wa mwaka jana haukuwa huu wa leo.

Ukijumlisha mibofyo ya maneno yote kwenye jedwali utakuta haifikii jumla iliyoandikwa juu. Usihangaike. Google huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache sana, kwa ajili ya faragha yao, lakini mibofyo yake huhesabiwa kwenye jumla. Kwa tovuti ndogo sehemu iliyofichwa inaweza kuwa kubwa.

Hatua ya 2: Soma safu nne kwa pamoja

Panga jedwali kwa mionekano, kwa kubofya kichwa cha safu ya `Impressions`. Kwa ukurasa wetu wa mfano tuseme imetoka hivi:

| Maneno | Mibofyo | Mionekano | Kiwango cha kubofya | Nafasi |
|---|---|---|---|---|
| miche ya parachichi | 41 | 1,180 | 3.5% | 5.1 |
| bei ya miche ya parachichi | 6 | 940 | 0.6% | 6.3 |
| faida za parachichi | 0 | 620 | 0% | 48.0 |
| ekari moja miche mingapi ya parachichi | 2 | 310 | 0.6% | 7.4 |
| miche ya parachichi ya kubebesha | 3 | 260 | 1.2% | 5.8 |
| miche ya parachichi mbeya | 19 | 210 | 9.0% | 2.8 |
| miche ya parachichi njombe | 1 | 170 | 0.6% | 17.6 |

Watu wengi wangeanza na mstari wa kwanza kwa sababu una mionekano mingi. Mimi ningeuacha. Uko nafasi ya tano na unaleta wateja, hauna ugonjwa. Tazama wa pili. Uko nafasi ya sita, karibu sawa na wa kwanza, lakini kati ya mara 940 watu waliobofya ni sita. Majirani wawili wa nafasi, mmoja anapata asilimia tatu na nusu, mwingine hafiki hata asilimia moja. Tofauti hiyo haitokani na nafasi. Inatokana na kile msomaji alichokiona alipofika: aliuliza bei, maelezo yako hayakutaja bei.

Hiyo ndiyo njia ya kupima. Mtandaoni utakutana na majedwali yanayodai kwamba nafasi ya tano lazima ipate asilimia fulani. Yaache. Mengi yametokana na utafutaji wa Kiingereza, kwenye kompyuta, kwa bidhaa za nchi nyingine. Linganisha maneno yako kwa maneno yako, yaliyo katika nafasi zinazokaribiana. Ukurasa wenyewe unakupa kipimo.

Nafasi nayo isomwe kwa tahadhari. Ni wastani. Neno lenye nafasi ya 6.3 linaweza kuwa lilikuwa la tatu kwa mtu aliyetafuta akiwa Mbeya mjini na la kumi kwa aliyekuwa Dodoma. Na mwonekano huhesabiwa pale kiungo chako kinapokuwa kwenye ukurasa wa matokeo uliofunguka, hata kama mtu hakushusha kidole hadi kukifikia. Kwa hiyo nafasi ya tisa kwenye simu, chini ya matangazo na ramani, inaweza kuwa na mionekano mingi ambayo hakuna jicho lililoigusa. Mimi huchukulia kwamba maelezo yana nguvu kwa maneno yaliyo nafasi ya kwanza hadi ya nane hivi. Kutoka hapo hadi kumi ni bahati.

Hatua ya 3: Amua kila neno liende wapi

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hakuna kitufe cha kukusaidia. Kila neno lina mahali patatu pa kwenda: kwenye maelezo, kwenye maandishi ya ukurasa wenyewe, au popote pengine mbali na ukurasa huu.

Anza na "faida za parachichi". Mionekano 620, nafasi ya 48. Anayetafuta hivyo anataka kujua kama tunda linafaa kwa ngozi au kwa mama mjamzito. Hanunui mche. Hata ungepanda hadi nafasi ya tatu, angefungua, akute viriba vya miche na namba ya simu, arudi alikotoka. Liache hilo. Ukubwa wa mionekano usikutamanishe.

"Miche ya parachichi njombe" ni kisa kingine. Nafasi ya 17 maana yake uko ukurasa wa pili, kwa hiyo maelezo hayatalisaidia. Lakini mnunuzi ni halisi. Swali la kujiuliza ni hili: je, kitalu kinapeleka miche Njombe? Kama ndiyo, andika ndani ya ukurasa aya nzima kuhusu jambo hilo: miche inasafirije kutoka Tukuyu kupitia Uyole hadi Makambako na kushuka Njombe, kiwango cha chini cha oda ni miche mingapi, nani analipia usafiri, mche ukivunjika njiani inakuwaje. Aya yenye habari kama hizo inaweza kukusogeza. Neno likishapanda kufika nafasi za juu, ndipo ulifikirie kwa maelezo. Na kama kitalu hakipeleki Njombe, usiliandike kokote. Kumwita mtu kwa jambo usilolifanya ni kujitafutia simu za lawama.

Yamebaki matatu: bei, idadi ya miche kwa ekari, na kubebesha. Yote yako nafasi ya tano hadi ya saba, yote yana kiwango kidogo cha kubofya. Haya ndiyo ya maelezo. Lakini kabla ya kuyahamisha fungua ukurasa wako usome kama mgeni: je, unayajibu? Ukisema "bei" kwenye maelezo na ndani ya ukurasa pameandikwa "piga simu kwa bei", mtu atabofya na kuondoka papo hapo. Weka bei kwanza, au angalau bei ya kuanzia na tarehe uliyoiandika. Kuhusu ekari, hesabu ni rahisi: ekari moja ina takriban mita za mraba 4,047, ukipanda kwa nafasi ya mita 7 kwa 7 kila mti unachukua mita za mraba 49, kwa hiyo ni miche kama 82. Kwa mita 6 kwa 6 inafika kama 112. Sentensi mbili kama hizo ndani ya ukurasa zinatosha kumaliza swali la mtu, na zinamsaidia kujua aagize mingapi.

Ukiwa huna hakika kama neno fulani ni la mnunuzi, muulize mwenye biashara. Yeye hukutana na maswali hayo kila siku kwa mdomo. Mazungumzo yenyewe hayachukui muda:

"Mama, anayepiga simu huuliza nini kwanza?"

"Bei, mwanangu. Bei ndiyo ya kwanza siku zote. Halafu anauliza, huu mche ni wa mbegu au umebebeshwa? Maana wa mbegu atausubiri mpaka achoke."

Majibu hayo yakilingana na ripoti, umepata uthibitisho wa pande mbili. Yasipolingana, amini simu kuliko jedwali, kwa sababu anayepiga simu ana hela mkononi.

Angalizo kuhusu namna watu wanavyoandika. Ripoti huorodhesha maneno jinsi yalivyochapwa. Utaona "mche wa parachichi" na "miche ya parachichi" katika mistari miwili, "maparachichi" mstari mwingine, "eka", "heka" na "ekari" kila moja na wake, na kwa kuwa wengi wetu r na l hubadilishana ulimini, "palachichi" nalo litakuwamo. Usijaribu kuyaweka yote. Yajumlishe kichwani kama jambo moja, kisha andika umbo moja lililo sahihi na linalotafutwa zaidi. Maelezo yenye "mche, miche, parachichi, palachichi, avocado" yanasomeka kama ya tapeli, na ni nani atatuma hela ya oda kwa tapeli?

Ili kuona kundi zima kwa pamoja tumia kichujio cha maneno. Bofya kitufe cha kuongeza kichujio, chagua `Query`, kisha `Custom (regex)`, uandike:

```
bei|gharama|shilingi|ngapi
```

Utapata maneno yote yenye harufu ya fedha au idadi. Kwa mahali, badilisha:

```
mbeya|tukuyu|rungwe|njombe|iringa|makambako
```

Ukiyasoma hivyo kwa makundi utagundua mara nyingi kwamba mistari kumi yenye mionekano 30 kila mmoja ni swali moja lililogawanyika, na kwa pamoja linazidi mstari uliodhani ni mkubwa.

Hakikisha pia neno ni la ukurasa huu kweli. Ondoa kichujio cha ukurasa, bofya neno lenyewe, halafu fungua `PAGES`. Kama "bei ya miche ya parachichi" inaonyesha kurasa mbili za tovuti yako, tuseme huu na ukurasa wa orodha ya bei, amua ni upi wenye jibu kamili na uupe huo neno. Kuliandika kwenye maelezo ya kurasa zote mbili kunamwacha msomaji asijue afungue upi.

Hatua ya 4: Andika maelezo mapya

Maelezo ya zamani ya ukurasa wa aina hii karibu siku zote huwa hivi:

```html
<meta name="description" content="Karibu kitaluni kwetu. Sisi ni wazalishaji wabobezi wa miche bora ya matunda. Wasiliana nasi leo kwa huduma nzuri na ya uhakika.">
```

Hakuna neno hata moja humo ambalo mtu alilitafuta, ukiacha "miche". Hakuna bei, hakuna parachichi, hakuna mahali. Kitalu chochote nchini kingeweza kuyabandika.

Google kwa kawaida hukoleza, kwenye mistari ile, maneno yanayolingana na yale mtu aliyoandika. Hilo ndilo linalofanya kazi hii iwe na maana: mtu aliyechapa "bei ya miche ya parachichi" akiyaona maneno hayo hayo yamekolezwa, jicho linasimama. Kwa hiyo ukiweza, acha neno likae zima bila kukatwakatwa. Jaribio langu:

```html
<meta name="description" content="Bei ya miche ya parachichi aina ya Hass, ya kubebesha, kitaluni Tukuyu, Mbeya. Angalia pia ekari moja huchukua miche mingapi na gharama za kusafirisha.">
```

Hiyo ni kama herufi 150 ukihesabu na nafasi. Google haijaweka kikomo cha urefu wa maelezo, lakini huyakata kulingana na upana wa kioo, na kwenye simu hukata mapema zaidi. Ndiyo maana neno lenye mionekano mingi, bei, limetangulia, na sentensi ya kwanza inajitosheleza. Mkato ukiangukia kwenye sentensi ya pili hatujapoteza kikubwa.

"Mbeya" nimeiweka ndani ingawa neno lake lilikuwa likifanya vizuri, asilimia tisa. Hapa ni rahisi kukosea: ukiandika upya kwa ajili ya maneno dhaifu, unaweza kuondoa lile lililokuwa likikuletea wateja. Kabla ya kufuta maelezo ya zamani yapitie, uone kama kuna neno humo lenye mibofyo mizuri kwenye ripoti. Likiwepo, lihamishe pamoja na mengine.

Sikuweka shilingi kamili. Bei ya mche hubadilika, na maelezo yaliyohifadhiwa Google hubaki vilevile hadi ipite tena kusoma ukurasa wako. Mteja akiona bei ya zamani kwenye matokeo na mpya ndani, mtabishana kwenye simu. Bei iandike ndani ya ukurasa tu.

Maneno matatu kwa maelezo mamoja yanatosha. Ukitaka kuweka la nne utaona sentensi inaanza kupinda, inakuwa orodha. Hapo acha.

Hatua ya 5: Yaweke, kisha hakikisha Google imeyaona

Kwenye WordPress, mfumo wenyewe hauna sehemu ya kuandika maelezo haya. Huongezwa na programu-jalizi kama Yoast, ambayo ina kisanduku cha `Meta description` chini ya ukurasa unaohariri. Ukishahifadhi, fungua ukurasa kwenye kompyuta, bonyeza `Ctrl+U` kuona msimbo wake, na utafute `name="description"`. Inapaswa kutokea mara moja tu. Ikitokea mara mbili, ujue mandhari ya tovuti yako inatoa maelezo yake na programu-jalizi inatoa yake. Zima mojawapo. Isipotokea kabisa, pengine kuna programu ya akiba inayotoa nakala ya zamani. Isafishe, kisha angalia tena.

Rudi Search Console, bandika anwani kamili ya ukurasa kwenye kisanduku cha juu cha `URL Inspection`, ubofye `REQUEST INDEXING`. Mara moja yatosha, kurudia hakuharakishi. Inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Ili kujua kama imeshapita, rudi hapo hapo, bofya `VIEW CRAWLED PAGE`, na usome msimbo ambao Google inao. Ukiona maelezo mapya humo, andika tarehe pembeni.

Kuwa nayo, hata hivyo, si lazima iyatumie. Google mara nyingi huchagua sentensi kutoka ndani ya ukurasa badala ya maelezo yako, ikiona inajibu vizuri zaidi neno lililotafutwa, na ukurasa mmoja unaweza kuonyeshwa na mistari tofauti kwa kila neno. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, tafuta kila neno kati ya yale matatu, usome kilichotokea chini ya kichwa chako. Kama kwa "ekari moja miche mingapi" imechukua sentensi ya ndani inayosema kuhusu mita 7 kwa 7, ushukuru, hiyo ni nzuri kuliko maelezo yako. Kama imeokota kipande cha menyu au maneno ya chini ya ukurasa, dalili ni kwamba haikupata sentensi safi ya kujibu. Dawa si kuandika upya maelezo mara ya tatu. Ni kuandika sentensi moja kamili, yenye neno lenyewe na jibu lake, karibu na mwanzo wa ukurasa.

Usirudierudie kutafuta. Kila utakapojiona kwenye matokeo ni mwonekano mmoja zaidi kwenye ripoti yako, usio na mbofyo, na kwa neno lenye mionekano 260 kwa miezi mitatu mzaha huo unaonekana.

Hatua ya 6: Pima bila kudanganywa na msimu

Kuanzia tarehe uliyoandika, subiri. Neno la bei lilikuwa na mionekano 940 kwa miezi mitatu, yaani kama 310 kwa mwezi. Baada ya wiki mbili utakuwa na mibofyo miwili au minne, na huwezi kusema lolote kwa hiyo. Kwa neno la ukubwa huo mimi ningesubiri miezi miwili. Kwa "ya kubebesha", yote mitatu.

Kisha fungua kichujio cha tarehe, chagua `Compare`, weka kipindi cha baada ya badiliko na kipindi cha kabla chenye siku sawa. Vichujio vya ukurasa na nchi viache vilevile. Angalia kila neno kwa safu mbili: kiwango cha kubofya na nafasi. Kiwango kikiwa kimetoka 0.6% hadi 2% na nafasi imebaki kwenye sita, maelezo yamefanya kazi. Kiwango kikipanda na nafasi nayo ikapanda kutoka sita hadi tatu, sifa ni ya nafasi, na hujajua bado kama maelezo yamesaidia.

Mibofyo mitupu isikupe jibu, hasa huku. Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza kwa kawaida Novemba, na mtu anayetaka kupanda nazo huanza kutafuta miche wiki kadhaa kabla. Ukibadilisha maelezo Agosti ukapima Novemba, mionekano itakuwa imeongezeka hata kama usingegusa kitu, na watafutaji wenyewe ni wengine: wa Agosti anapiga hesabu, wa Oktoba ameshachimba mashimo. Hapo ndipo ile miezi 16 ya kumbukumbu inapofaa. Chagua ulinganisho wa mwaka kwa mwaka, uweke Oktoba hii dhidi ya Oktoba iliyopita, na uone kama kiwango cha kubofya kwa neno la bei kimesogea katika nafasi ileile.

Kama hakijasogea, soma tena mistari ya washindani walio juu yako kwa neno hilo. Mara nyingi utakuta wao wametaja kitu ambacho wewe hujakitaja: umri wa mche, aina nyingine kama Fuerte, au kwamba wanapeleka hadi shambani. Kitu hicho kama nawe unacho, na ripoti inaonyesha watu wanakitafuta, badilisha sentensi ya pili tu. Ya kwanza iache, ili mara ijayo ujue ni kipi kilicholeta tofauti.